Neno la Shukrani la Mwenyekiti Mpya

Katika kazi za lugha zinazopita mikononi mwa walimu, wafasiri na watumishi wa serikali, kuna moja isiyohesabiwa kuwa kazi ya lugha kabisa, nayo ni neno la shukrani linalotolewa na mwenyekiti mara baada ya kuchaguliwa. Aghalabu hudumu dakika tano au kumi. Wanachama wamechoka, mchana umekwisha kupinda, na wengine wanatazama magari ya kuwarudisha makwao. Kwa sababu hiyo hakuna anayelipima. Lakini katibu yu palepale na kalamu yake, na yale anayoyasikia huingia katika muhtasari. Muhtasari huo ndio utakaosomwa na benki inapobadilishiwa majina ya watia saini, na Msajili wa Vyama anapoarifiwa juu ya uongozi mpya, na wanachama wenyewe mwaka unaofuata watakapofika kwenye yatokanayo. Ndiyo maana tumeona inafaa kulihakiki neno hilo kama tunavyohakiki maandishi mengine.

Hotuba tunayoichambua hapa si ya mtu mmoja. Ni kielelezo tulichokiunda wenyewe kwa kuunganisha semi zisikikazo katika mikutano ya namna hii, na hesabu za kura tutakazozitaja nazo ni za mfano. Kielelezo chetu tumekiweka katika Mkoa wa Singida, katika chama kidogo cha maafisa ugani wa kilimo na mifugo. Tuna sababu ya kuchagua mahali hapo. Singida ni mkoa ambamo lugha za jamii zilizo mbalimbali kabisa zinapakana. Wanyaturu na Wanyiramba husema lugha za Kibantu. Wabarbaig husema lugha ya Kiniloti. Wahadzabe wa upande wa Mkalama nao wana lugha ambayo wataalamu hawajaweza kuithibitishia udugu na nyingine yoyote. Afisa ugani akihamishwa kutoka Manyoni kwenda Iramba hawezi kuchukua pamoja naye semi za baraza la wazee wa kwao. Kinachobaki kuwaunganisha wanachama ni Kiswahili, tena kile walichokipata shuleni, redioni na katika mikutano ya hadhara. Basi semi za redioni zikiwa na kasoro, kasoro hizo ndizo zinazokuwa kanuni, kwa kuwa hapana kipimo kingine karibu cha kuzipimia.

Tuseme basi kwamba chama hicho kina wanachama 46. Mkutano mkuu umehudhuriwa na 29. Katiba yao yasema akidi ni nusu ya wanachama, yaani 23, hivyo mkutano ni halali. Wagombea wa uenyekiti ni wawili. Mmoja anapata kura 16, wa pili 12, na kura moja imeharibika. Aliyepata 16 ni bibi mmoja afisa mifugo, naye anasimama na kusema hivi:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi, ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa. Awali ya yote napenda kuchukua nafasi hii kutoa shukrani zangu za dhati kwenu nyote kwa kuniteua kwa kauli moja kuwa mwenyekiti wenu. Aidha napenda kuchukua nafasi hii kumshukuru mwenyekiti aliyemaliza muda wake kwa kazi nzuri aliyoifanya. Ushindi huu si wangu, ni wetu sote, na wale walioshindwa nawakaribisha tukijenge chama. Mmenikabidhi dhamana ya chama hiki pamoja na mali zake zote, nami naahidi kuilinda. Kama tulivyokubaliana, kuanzia mwezi ujao ada itakuwa shilingi 30,000 badala ya 20,000, ili tumalize jengo letu. Baada ya kusema hayo machache, naomba kutoa hoja."

Wanachama wanapiga makofi, na hapana aliyekosewa adabu. Maneno ni fasaha masikioni, sarufi haina doa kubwa, na msemaji ana nia njema. Hata hivyo tutaonyesha kwamba ndani ya hotuba hii fupi mna mambo manne yasiyo ya kweli, na kwamba kila moja limeingizwa na neno lililotumiwa mahali pasipo pake.

Tuanze na wale wanaoitwa. Msemaji amewaita wasikilizaji wake "wajumbe". Katika mkutano mkuu ambao kila mwenye kadi ya chama ana haki ya kuhudhuria kwa nafsi yake, wanaohudhuria ni wanachama. Mjumbe ni mtu aliyetumwa na wengine au aliyewekwa katika kamati. Tofauti hii ina matokeo. Katika chama chenye kamati tendaji ya watu saba, muhtasari unaosema "wajumbe waliafiki" utamfanya msomaji asiyekuwapo aulize ni wajumbe gani, wale saba au wale 29. Tabia ya kuita kila mtu mjumbe imetoka katika vyama vikubwa vya siasa, ambavyo mikutano yao mikuu huhudhuriwa kweli na wajumbe waliotumwa na mikoa na wilaya. Kiswahili kina neno moja tu, chama, kwa kile cha siasa, cha wafanyakazi, cha ushirika na cha kitaaluma. Kwa kuwa jina ni moja, msamiati wa kile kikubwa humiminika bila kizuizi hadi katika kile kidogo.

Na hiyo "itifaki imezingatiwa" je? Neno itifaki lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mapatano. Maana hiyo ingali hai katika matumizi ya kiserikali, kama katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwaka 2010. Maana ya pili, ile ya taratibu za heshima baina ya wakubwa, nayo imekubalika na hatuipingi. Tunachokihoji ni kazi inayofanywa na usemi huu. Msemaji hutangaza kwamba taratibu imefuatwa ili apate kutoifuata. Mbele ya mawaziri ishirini yamkini ni njia ya kuokoa wakati. Mbele ya watu 29 wanaofahamiana kwa majina, haiokoi hata dakika moja. Tena yule ambaye taratibu ilitaka atajwe hakutajwa. Wakati wa uchaguzi mkutano huongozwa na mwenyekiti wa muda au msimamizi wa uchaguzi, na mpaka atakapokiacha kiti, yeye ndiye wa kwanza kuelekezewa neno. Ilitosha kusema "Ndugu Msimamizi, ndugu wanachama". Neno ndugu, lililokuwa la kawaida katika vikao vya miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, lina faida ambayo mheshimiwa haina: halimwinui mmoja katika mkutano ambao kura ya kila mtu ina uzito sawa.

Sasa tuingie katika shukrani yenyewe. Usemi "napenda kuchukua nafasi hii" umezoeleka mno hata wengi hawausikii tena. Sisi twaomba usikilizwe mara moja zaidi. Katika Kiswahili nafasi ni mahali, ni wasaa, na pia ni cheo kilicho wazi. Na kuchukua nafasi ya mtu ni kukaa pale alipokuwa amekaa yeye. Sasa mwenyekiti mpya anaposema "napenda kuchukua nafasi hii kumshukuru mwenyekiti aliyemaliza muda wake", hali yule mzee ameketi safu ya mbele na nafasi yake imechukuliwa dakika kumi tu zilizopita, msikilizaji mwenye masikio ana haki ya kutabasamu. Usemi huu umefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na umepokewa kwa kuwa kila neno lake, likiwa peke yake, ni la Kiswahili. Hiyo ndiyo hatari ya tafsiri za namna hii, maana neno geni hujulikana kwa sura yake, lakini muundo mgeni uliovaa maneno ya nyumbani hupita mlangoni bila kuulizwa.

Wengine husahihisha kwa kusema "kutumia nafasi hii". Hilo ni afadhali, lakini bado ni kuzunguka. Lugha yetu haihitaji kutangaza kwamba mtu anapenda kuchukua nafasi ili atoe shukrani, kwa sababu kitenzi kipo, nacho kinatosha. Mtu husema "Nawashukuru", na kwa kutamka tu amekwisha kushukuru. Asemaye "napenda kushukuru" ametaja hamu yake, na anayemsikiliza kwa makini bado anaingoja shukrani yenyewe. Hatudai kwamba semi hizi zifutwe leo, maana zimeota mizizi na hazimdhuru mtu. Twasema tu kwamba mwalimu anayefundisha hotuba asizitoe kuwa mfano, na kwamba mfasiri anapozikuta katika asili ya Kiingereza azigeuze kuwa kitenzi kimoja.

Kasoro iliyo nzito zaidi imo katika maneno matano yanayofuata: "kwa kuniteua kwa kauli moja". Kuchagua na kuteua huweza kukutana katika mazungumzo ya nyumbani, kwa kuwa yote mawili ni kutenga kimoja kati ya vingi. Katika lugha ya utawala yametenganishwa, na ni vizuri yabaki hivyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika Ibara ya 66, hutofautisha wabunge waliochaguliwa na wananchi na wale wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais. Anayechagua hupiga kura, na mchaguliwa huwajibika kwa wapiga kura. Anayeteua hutumia madaraka yake, na mteule huwajibika kwa aliyemteua. Mwenyekiti akisema kwamba wanachama "wamemteua", maneno yake yanaacha swali juu ya asili ya uongozi wake. Swali hilo huzidi pale mgeni rasmi anapokuwa ofisa wa halmashauri ambaye ni mkuu wa kazi wa nusu ya wanachama. Anayesoma muhtasari kwa mbali anaweza kudhani kwamba ni mkubwa huyo aliyemweka.

Jina "mwenyekiti mteule" nalo lina utata wake. Tunamwita mtu rais mteule akiwa amekwisha kuchaguliwa lakini hajaapishwa. Mwenyekiti wa chama kidogo ambaye katiba yake inampa uongozi mara matokeo yanapotangazwa si mteule kwa maana hiyo hata kwa saa moja. Yeye ni mwenyekiti, basi. Wala hana haja ya kuitwa "mwenyekiti mwanamama". Baadhi ya lugha za Ulaya zimehangaika kutafuta jina la cheo hiki lisilotaja mwanamume, lakini Kiswahili kilikuwa nalo tangu awali. Mwenye kiti ni mwenye kiti, awe bibi au bwana, na wakiwa wawili ni wenyeviti.

Turudi kwenye "kauli moja". Zipo njia tatu ambazo mtu huupata uenyekiti, na kila moja ina usemi wake. Mgombea akiwa peke yake na katiba ikiruhusu asipigiwe kura, amepita bila kupingwa. Kura zikipigwa na zote zikawa zake, amechaguliwa kwa kauli moja. Kura zikigawanyika naye akapata zilizo nyingi, amechaguliwa kwa wingi wa kura. Bibi yetu alipata 16 kati ya kura halali 28, yaani zaidi ya nusu, ambayo ni 14. Huo ni ushindi halali usiohitaji kupambwa. Alipouita kauli moja aliwafuta kwa neno watu 12 waliokuwa wameketi mbele yake. Hakukusudia hivyo. Alitaka kuwakumbatia, akatumia usemi uliowaondoa. Ikiwa katibu atauandika kama alivyousikia, muhtasari utakuwa na ukurasa wa matokeo unaosema 16 kwa 12 na ukurasa wa hotuba unaosema kauli moja, na mtu yeyote mwenye nia ya kuupinga uchaguzi atakuwa amepata pa kushika.

Hata neno "walioshindwa" halikuwa na heri. Kushindwa ni kuzidiwa na mwingine, lakini pia ni kutoweza kazi. Mwanafunzi hushindwa hesabu na gari hushindwa mlima. Mgombea aliyepata kura 12 hakushindwa kazi yoyote. Angetajwa kwa usemi "mwenzangu tuliyegombea pamoja", kweli ingesemwa na heshima ingebaki.

Jambo la tatu ni dhamana, na hapa twaomba subira ya msomaji, maana neno hili lina historia ya heshima. Ahadi za mwana-TANU zilikiita cheo dhamana, na watu wa rika fulani walizikariri ahadi hizo wakiwa shuleni. Maana yake ilikuwa wazi: cheo si mali ya mwenye cheo, amekiwekea tu. Kwa maana hiyo mwenyekiti mpya hakukosea kusema amepewa dhamana. Amekosea alipoongeza "pamoja na mali zake zote". Hapo ametoka katika lugha ya maadili na kuingia katika lugha ya sheria, ambako dhamana ina watu wake. Chama chenye kiwanja au jengo huweka mali hiyo katika mikono ya bodi ya wadhamini. Bodi ya namna hiyo husajiliwa chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318 ya sheria za Tanzania, na msimamizi wa usajili huo ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao jina lenyewe linabeba neno hilo. Bodi ikisajiliwa huwa na nafsi yake kisheria, na hati ya kiwanja huandikwa kwa jina lake. Mwenyekiti huongoza vikao na husimamia utekelezaji wa maazimio. Hashiki hati.

Je, huku si kutafuta makosa kwa tochi? Fikiria fundi wa jengo la chama, ambaye hajalipwa sehemu ya pesa zake. Aliupata muhtasari, akasoma kwamba mwenyekiti amekabidhiwa dhamana ya mali zote, naye akamdai mwenyekiti binafsi. Au fikiria upande wa pili, mwenyekiti anayeamini kwa moyo safi kwamba kwa dhamana aliyopewa anaweza kukipangisha chumba kimoja cha jengo bila kuwauliza wadhamini. Yote mawili yamezaliwa na sentensi moja iliyosemwa kwa unyenyekevu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya kuendeshea mashauri mahakamani ni Kiswahili, isipokuwa pale haki inapohitaji Kiingereza kitumike. Zamani sentensi kama hii aghalabu ingepita kwanza kwa mfasiri, ambaye angeweza kuuliza ilikuwa na maana gani. Sasa huenda ikasomwa mbele ya hakimu kama ilivyotamkwa.

Ushauri wetu ni mwepesi. Anayetaka kusema juu ya uaminifu wa cheo na aseme "cheo hiki ni dhamana", akomee hapo. Anayetaka kusema juu ya mali na aseme "mali za chama zimo mikononi mwa wadhamini wetu, nami nitashirikiana nao". Kwa njia hiyo neno moja linabaki na maana zake mbili, na kila maana inakaa nyumbani kwake.

Tumefika kwenye ada, ambako ndiko kuliko na madhara makubwa kupita yote. Msemaji amesema "kama tulivyokubaliana". Ni nani waliokubaliana, na lini? Katika kielelezo chetu suala la ada lilizungumzwa asubuhi katika mengineyo. Watu watatu wakaliunga mkono, mmoja akalilalamikia, kisha mkutano ukaendelea na uchaguzi bila kupiga kura juu yake. Kwa lugha ya vikao, kilichofanyika ni mazungumzo. Mtu akilitaja jambo ili lifikiriwe, hilo ni pendekezo. Likiletwa rasmi mbele ya kikao ili liamuliwe, ni hoja. Likiamuliwa, ni azimio. Mwenyekiti akisema atalifanya yeye mwenyewe, ni ahadi. Majina haya manne ni ngazi nne, na hapana anayeruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwa kuisemea vizuri.

Kisha akamaliza kwa kusema "naomba kutoa hoja". Usemi huu ni wa Bungeni. Waziri akisha kusoma hotuba yake husema hivyo, na mwingine husimama kuafiki, ndipo mjadala unapoweza kuendelea na baadaye Bunge likahojiwa. Ni usemi wenye kazi maalumu, nao huanzisha jambo. Redio imeupeleka katika kila nyumba, na watu wakadhani ni namna ya heshima ya kumalizia hotuba yoyote, kama vile "amina" mwishoni mwa dua. Katika neno la shukrani hakuna hoja ya kutoa, maana shukrani haipigiwi kura. Lakini katika hotuba hii, kwa bahati mbaya, kulikuwa na jambo moja lifananalo na hoja, nalo ni ada. Katibu kijana, aliyefundishwa kuandika kila anachosikia, ameandika hivi: "Mwenyekiti alitoa hoja kwamba ada iwe shilingi 30,000. Hoja ilipitishwa kwa makofi."

Tuipime sentensi hiyo kwa katiba ya chama chetu cha mfano. Katiba hiyo yasema ada hubadilishwa na mkutano mkuu kwa theluthi mbili ya waliohudhuria, na kwamba wanachama wapewe taarifa siku 21 kabla. Theluthi mbili ya 29 ni 19 na ziada, yaani lazima wapatikane watu 20. Taarifa haikutolewa. Kura hazikuhesabiwa. Makofi yalikuwa ya kumpongeza mtu, wala hayakuwa ya kukubali shilingi 10,000 za nyongeza. Mwezi unaofuata mweka hazina ataanza kukata ada mpya, na mwanachama mmoja wa Itigi ambaye hakuhudhuria atauliza azimio limepitishwa lini. Ataonyeshwa muhtasari. Ubishi utakaofuata utaitwa ubishi wa fedha, na watu watatajana kwa ubaya, lakini asili yake ni semi mbili zilizotumiwa kwa mazoea.

Mfasiri naye ana sehemu yake. Huenda chama hicho kinapata msaada kutoka kwa shirika la nje, nalo hutaka muhtasari kwa Kiingereza. Mfasiri akikuta "hoja ilipitishwa kwa makofi" atatafsiri kwa uaminifu, na kosa litakuwa limevuka bahari likiwa na nguo safi. Hatumshauri asahihishe, maana hiyo si kazi yake. Twamshauri aulize kwanza idadi ya kura, na kama haipo, amwarifu aliyemtuma kabla ya kuandika neno lenye maana ya azimio.

Ingekuwa si haki kuvunja bila kujenga. Hotuba ileile, yenye moyo uleule, ingeweza kusemwa hivi:

"Ndugu Msimamizi, ndugu wanachama. Nawashukuru. Leo mmepiga kura 29, na 16 mmenipa mimi. Nawashukuru mlionipa, na ninyi mliompa mwenzangu nawashukuru kwa kuja na kupiga kura, maana bila ninyi akidi yetu ingekuwa mashakani. Mwenzangu tuliyegombea pamoja, nitakuja kwako kwa ushauri. Mzee wetu aliyemaliza muda, umetuachia vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa na msingi wa jengo, nasi tunakushukuru. Cheo hiki ni dhamana, nami nitakirudisha kwenu baada ya miaka mitatu kama katiba isemavyo. Asubuhi yametajwa mambo ya ada. Hatukuyaamua. Napendekeza kamati iyaandalie hoja, mpewe taarifa ya siku 21, kisha mwamue wenyewe. Asanteni, na safari njema."

Msomaji ataona kwamba hotuba hii haikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, wala haina neno gumu. Kila shukrani ndani yake ina mtu wake na sababu yake. Waliompigia kura wametajwa, wasiompigia wametajwa, na hesabu yenyewe inathibitisha anachosema juu ya akidi, kwa kuwa bila wale 12 wangebaki watu 17, pungufu ya 23 waliotakiwa. Mzee ametajiwa vitu viwili alivyoacha, navyo vinaonekana kwa macho, badala ya "kazi nzuri" isiyo na sura. Katibu akiiandika kama ilivyo, hataandika uongo hata mmoja.

Hapa pana jambo moja la kuchungwa. Sheria tunazozitaja ni za maneno yenye kazi katika taratibu za chama: kuchagua, kauli moja, dhamana, hoja, azimio. Hatupendi mtu azichukue akazitumie kuzima furaha ya siku. Mwenyekiti akitaka kuingiza methali, au mzaha juu ya jua la Singida, au kuwasalimu wazee kwa Kinyaturu kabla ya kuendelea kwa Kiswahili, na aingize. Hayo hayaingii katika maazimio na hayamdanganyi mtu. Wala mwalimu asimkatishe msemaji katikati ya hotuba ili amsahihishe, jambo ambalo tumeliona likifanyika na ambalo ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kosa lenyewe. Mahali pa kusahihisha ni mawili. La kwanza ni darasani, ambako zoezi la hotuba ya shukrani litolewe pamoja na matokeo ya kura, mwanafunzi atakiwe kuyasema kwa usahihi. La pili ni mezani pa katibu jioni ileile, kabla muhtasari haujapigwa chapa. Hapo katibu na amwulize mwenyekiti wake maswali mawili tu: ulipotaja makubaliano, tulikubaliana kwa kura ngapi, na uliposema unatoa hoja, ilikuwa hoja gani? Majibu ya maswali hayo yatampa neno la kuandika.